Mstari wa Kwanza wa Kapsheni: Namna ya Kuionyesha Hisia Kabla Maandishi Hayajakatwa

Miaka michache iliyopita familia moja iliniomba niandike maelezo ya picha ya babu yao, fundi seremala, aliyekuwa amefariki wiki ileile. Picha ilimwonyesha akicheka, randa mkononi, vumbi la mbao likiwa limemtapakaa mabegani. Nilianza kama mtu anayeandika wasifu: nilitaja mwaka aliozaliwa, kijiji alichokulia na fundi aliyemfundisha kazi, na habari ya kifo nikaiweka katika aya ya pili, kwa kuwa niliona kwamba huko ingemkuta msomaji akiwa ameshaanza kumpenda mzee. Kabla ya saa moja kupita, watu wanne walikuwa wameandika chini yake, “Hongera mzee wetu.” Hawakuwa na kosa. Simu zao ziliwaonyesha mtu anayecheka, mistari miwili kuhusu kuzaliwa na kusomea ufundi, kisha nukta tatu na neno more. Wao walijibu kile walichoonyeshwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika kapsheni kwa kanuni moja, ambayo ndiyo nitakayoieleza hapa kwa hatua zake: habari yenyewe inaweza kungojea chini ya mkato, yaani pale simu inapoyakata maandishi na kuweka neno more, lakini hisia inayoibeba habari hiyo lazima ionekane juu yake. Nitatumia Instagramu kuwa mfano, kwa sababu ndipo mkato unapokuja mapema na unapowasumbua wengi. Facebook nayo hukata, ila huruhusu maneno mengi zaidi kabla ya kufanya hivyo, na anayeweza kuandika kwa nafasi finyu ya Instagramu hatapata shida kule.

Kuijua nafasi uliyo nayo

Kapsheni ya Instagramu inaweza kufika herufi 2,200, na hesabu hiyo hujumuisha nafasi kati ya maneno, alama za uandishi na emoji. Hata hivyo, mtu anayepitisha picha kwa kidole haoni herufi hizo zote. Anaona takriban mistari miwili, ambayo watu wa kazi hii huikadiria kuwa herufi 125, na ili asome zaidi ni lazima abonyeze. Kipimo hicho ni cha kukisia tu, kwa sababu simu haihesabu herufi bali inapima upana wa kioo. Herufi m na w ni pana, i na l ni nyembamba, na Kiswahili kinazipenda sana m na w. Mstari wenye “mwanamume mmoja mwembamba” utajaa mapema kuliko mstari wenye idadi ileile ya herufi nyembamba.

Wengi husahau kwamba jina la akaunti linakaa katika mstari huohuo wa kwanza, mbele ya maneno yako, na linakula sehemu ya nafasi. Nukta tatu na neno more nazo zinahitaji mahali pa kukaa. Kwa hiyo hesabu ninayoifanya kabla ya kuandika lolote ni hii: naanza na 125, natoa idadi ya herufi za jina la akaunti, natoa 1 kwa ajili ya nafasi inayofuata jina, kisha natoa 8 kwa ajili ya nukta tatu, nafasi moja na neno more. Akaunti yenye jina la herufi 16 inabaki na herufi 100. Yenye jina la herufi 28 inabaki na 88, na hiyo ni tofauti ya maneno mawili au matatu ya Kiswahili, ambayo wakati mwingine ndiyo maneno yenyewe.

Kuhesabu kwa kidole kunachosha na kunakosesha. Bandika sentensi yako katika kisanduku cha A1 cha jedwali la kompyuta au la simu, kisha katika kisanduku cha pembeni andika:

```
=LEN(A1)
```

Namba itakayotokea ni idadi ya herufi pamoja na nafasi na alama zake.

Jambo jingine la kuangalia ni kuruka mstari. Ukiandika maneno matatu, ukashuka chini na kuacha mstari mtupu ili kapsheni ipendeze, ule mstari mtupu nao unahesabiwa miongoni mwa mistari inayoonekana. Msomaji ataona yale maneno matatu peke yake. Kama maneno hayo matatu yamebeba hisia yote, hiyo ni mbinu nzuri. Kama ni “Habari za asubuhi”, umejifungia mlango mwenyewe. Katika video fupi, zile zinazojaza kioo kizima, nafasi ni ndogo zaidi, kwani huonekana mstari mmoja tu. Huko chukulia kwamba una nusu ya nafasi ya picha ya kawaida, au pungufu ya hapo.

Kuitambua hisia kabla ya kutafuta maneno

Hatua hii haihitaji simu. Chukua karatasi, itazame picha, kisha andika kwa ajili yako mwenyewe ni hisia gani unayotaka mtu aipate. Usikubali jibu la kwanza, kwa kuwa jibu la kwanza karibu kila mara huwa “furaha” au “huzuni”, na maneno hayo ni mapana mno kukuongoza. Kiswahili kina hazina ya kutosha ya kupambanua. Mtu aliyemaliza kulipa mkopo hana furaha ya bibi harusi, ana afueni. Mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni ana fahari, lakini ndani yake mna upweke. Simanzi inatulia na kukaa, majonzi yanatiririka, fadhaa inamfanya mtu asijue aweke wapi mikono yake.

Ukishalipata jina la hisia, usilitie katika kapsheni. Limekwisha kufanya kazi yake, nayo ni kukuelekeza kwenye kitu cha kutafuta: tendo moja, la mwili, lililofanyika katika dakika ambayo hisia hiyo ilikuwapo. Mwenye afueni alishusha pumzi, au alilala saa kumi na mbili jioni pasipo kuvua viatu. Mwenye fadhaa alipanda daladala akapitilizwa kituo. Mwenye haya aliinamisha kichwa akachezea ukingo wa khanga. Tendo la namna hii ndilo litakalokaa mwanzoni kabisa mwa mstari wako.

Ninajua kwamba lugha yetu ina misemo mingi ya moyo, roho na koo, nayo ni mizuri katika mazungumzo. Lakini “moyo wangu umevunjika” na “nimeishiwa maneno” imetumika katika kapsheni nyingi kiasi kwamba jicho linaipita kama linavyolipita tangazo la ukutani. Kigezo changu ni rahisi: ikiwa mstari huo ungeweza kuwekwa chini ya picha ya mtu mwingine yeyote bila kubadilisha neno, bado haujawa mstari wako.

Mfano wa cherehani

Nitaufuata mfano mmoja hadi mwisho. Binti mmoja anayeuza magauni ya vitenge Tanga aliniletea picha ya cherehani ya miguu ya mama yake. Mama huyo alishona sare za shule kwa miaka 27 katika baraza la nyumba yao, mtaa wa Ngamiani, na sasa alikuwa amemwachia binti kazi kwa sababu macho yalikuwa yamepungua nguvu. Katika picha, uzi mweusi ulikuwa bado umening'inia kwenye sindano. Jina la akaunti ya binti lina herufi 16, kwa hiyo tulikuwa na herufi 100. Kapsheni aliyokuwa ameiandika ilianza hivi:

“Habari za asubuhi wapendwa wateja wetu, ni matumaini yangu hamjambo nyote. Leo ningependa kuchukua nafasi hii kuwashirikisha jambo moja linalomhusu mama yangu mzazi.”

Salamu peke yake ina herufi 74. Mkato unaangukia baada ya neno “kuchukua”, na msomaji anabaki na binti anayependa kuchukua, asijue anachukua nini. Mama hajatajwa hata kidogo.

Nilimwambia aifute salamu ajaribu tena. Jaribio la pili lilikuwa: “Mama yangu ameshona sare za shule kwa miaka 27, na leo amestaafu rasmi.” Hapa kila kitu kinaonekana kabla ya mkato, lakini ni taarifa ya ofisi ya utumishi. Watu wataandika “Hongera mama, pumzika sasa,” na binti alikuwa ameniambia wazi kwamba hongera ndizo alizoziogopa. Jaribio la tatu lilikimbilia upande wa pili: “Leo nina huzuni kubwa sana moyoni mwangu.” Hisia imetajwa, lakini imetajwa kwa jina lake la jumla, na mstari huo ungefaa msiba, kuachwa, au timu kufungwa nyumbani.

Ndipo nilipomuuliza swali ambalo ninawauliza wote: ni dakika gani hasa ulipojua kwamba mambo yamebadilika? Hakufikiri sana. Alisema kwamba mama yake alikuwa akitunga uzi kwenye sindano bila hata kuitazama, huku akizungumza na wateja, na kwamba siku moja alimnyooshea sindano na uzi akasema, “Nitungie.” Basi hilo tu. Nikamuuliza yeye alifanya nini. Akasema aligeuza uso, kwa sababu hakutaka mama aone.

Hisia ikawa imejulikana: si huzuni ya kustaafu, bali ule uchungu wenye haya ndani yake, wa mtoto anayemwona mzazi akiomba msaada kwa mara ya kwanza. Na tendo la mwili lilikuwa limepatikana pia. Kilichobaki ni mpangilio, na mpangilio ndio uliotuchukua muda mrefu.

Binti alipendekeza sentensi hii: “Mama yangu, aliyeshona sare za shule kwa miaka 27 na kutunga sindano bila kuitazama, jana alininyooshea sindano nimtungie.” Ni sentensi nzuri ya kitabu. Lakini kitenzi kikuu, “alininyooshea”, kinaanza kwenye herufi ya 91, na herufi yetu ya 100 inaangukia katikati yake. Mkato utakipita kitenzi chenyewe, na msomaji atabaki na sifa za mama bila tendo. Hii ndiyo hitilafu ninayoiona zaidi katika kapsheni za Kiswahili zilizoandikwa kwa uangalifu: mwandishi anamtaja mtu, anafungua maelezo marefu ya kumsifu mtu huyo, na kitenzi kinachobeba uchungu kinawasili kikiwa kimechelewa. Kuna njia ya haraka ya kuigundua. Pigia mstari kitenzi chenye hisia, kisha hesabu herufi zinazokitangulia. Zikizidi 40, igeuze sentensi.

Mimi nilipendekeza tuanze na kauli ya mama: “‘Nitungie,’ mama alisema, akaninyooshea sindano. Niligeuza uso.” Niliipenda kwa siku nzima, mpaka mtu mmoja wa nyumbani kwangu alipoisoma akauliza kama mama anaimba taarabu. Kutunga ni kutunga uzi kwenye sindano, lakini pia ni kutunga wimbo na shairi, na kwa mtu asiyejua lolote bado, hasa mtu wa pwani, maana hii ya pili ndiyo inayokuja kwanza. Msomaji angetakiwa kurudi nyuma na kuisahihisha picha aliyoijenga kichwani, na anayepitisha picha kwa kidole harudi nyuma.

Tukaigeuza: “Niligeuza uso mama aliponinyooshea sindano, akasema, ‘Nitungie.’” Sasa tendo la hisia linakamilika kwenye herufi ya 13. Sindano inatajwa kabla ya “Nitungie”, kwa hiyo hakuna wa kufikiria wimbo. Sentensi nzima ina herufi 64. Msomaji bado hajui kwa nini mtu ageuze uso kwa sababu ya sindano, ila anajua kwamba mtu amegeuza uso, na udadisi wake umezaliwa na hisia yenyewe badala ya kuzaliwa na fumbo.

Tulitaka kuongeza sentensi ya pili ili kumpa msomaji kipimo: “Kwa miaka 27 alitunga mwenyewe, bila kutazama.” Jumla ikawa 111, yaani 11 zaidi ya nafasi yetu. Kuondoa “Kwa” kuliipunguza hadi 107, bado haikutosha, tena sentensi ikapoteza mwendo wake. Hatimaye tuliondoa “bila kutazama” na kulirudisha “Kwa”. Mstari wa mwisho ukawa hivi:

“Niligeuza uso mama aliponinyooshea sindano, akasema, ‘Nitungie.’ Kwa miaka 27 alitunga mwenyewe.”

Una herufi 96. Iliniuma kuondoa “bila kutazama”, maana ndiyo sehemu iliyonigusa binti aliponisimulia. Lakini haikupotea, ilikwenda kuwa sentensi ya kwanza chini ya mkato, mahali ambapo anayebonyeza anastahili kukuta kitu kizuri kuliko alichokiona juu.

Kinachobanwa na kinachoachwa

Kiswahili kinamsaidia mwandishi wa mstari mfupi kwa namna ambayo wengi hawaitumii. Neno “aliponinyooshea” lina herufi 15 tu, na ndani yake mna mtendaji, wakati uliopita, dakika lilipotendeka jambo, na mtendewa. Binti alikuwa ameandika awali “wakati mama alipokuwa akininyooshea”, ambayo ina herufi 35. “Mama aliponinyooshea” ina 20. Herufi 15 zimeokolewa bila kupoteza maana. Vivyo hivyo “ambaye alishona” ina herufi 15, na “aliyeshona” ina 10. Sisemi kwamba amba- ni kosa. Katika sentensi ndefu za chini ya mkato inasaidia kupumua, ila juu ya mkato ni mgeni anayekaa kwenye kiti cha mtu mwingine.

Maneno mengine ya kuyaangalia ni yale tuliyozoea kuyatanguliza kwa adabu: “napenda kusema kwamba”, “kwa kweli”, “ningependa kuchukua fursa hii”, “kama mnavyojua”. Yafute kwanza, kisha usome tena uone kama kuna lililopungua. Ninachokionea huruma ni salamu, kwa kuwa kuingia kwa watu bila kubisha hodi si malezi yetu, na wateja wa rika la wazazi wetu huliona jambo hilo. Suluhisho langu ni kuihamisha badala ya kuifuta. Iweke baada ya aya ya kwanza, pale unapowageukia wasomaji moja kwa moja: “Wateja wangu, habari zenu; nilitaka mjue kwamba sare za muhula huu zitatoka mikononi mwangu.” Hakuna aliyewahi kunilalamikia kwamba salamu imechelewa kwa sentensi mbili.

Upo pia mtego wa kiambishi a-. Katika Kiswahili “alininyooshea” haisemi kama ni mama, baba au fundi wa jirani, wala kama ni mwanamke au mwanamume. Ukikata sana mpaka ukaondoa jina la mtendaji, hisia inabaki ikielea hewani. Neno “mama” lina herufi nne tu na linalipa gharama yake mara nyingi, kwa sababu uhusiano huo ndio unaoipa sindano uzito. Ikiwa mtu husika si ndugu, jina la uhusiano bado ni bora kuliko jina lake rasmi: “mwalimu wangu”, “jirani”, “dereva wetu”.

Kuhusu emoji, nitasema machache. Moja hula upana wa herufi mbili hivi, na ikitangulizwa mbele ya maneno inamwambia msomaji ahisi nini kabla hujamwonyesha sababu. Uso unaolia mbele ya “Niligeuza uso” ungeharibu kile ambacho uso uliogeuzwa ulikuwa umekificha.

Pale ambapo mila inatangulia

Kanuni hii ina mipaka yake, na mpaka mkubwa ni msiba. Tangazo la kifo lina muundo wake unaotambulika, na msomaji hahitaji ubunifu bali anahitaji kujua upesi. Neno “Tanzia” lina herufi sita na linabeba habari na hisia kwa pamoja. Kwa Waislamu, “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun” inafanya vivyo hivyo. Aliyeisoma ameshajua kuna kifo kabla hajafika kwenye jina. Fomula hizi si sawa na “ningependa kuchukua nafasi hii”, kwa sababu zenyewe ndizo hisia. Zitangulize, na mara moja baada yake weka jina la marehemu na uhusiano wake na mwenye akaunti, ili vyote viwe juu ya mkato. Saa na mahali pa maziko vinaweza kushuka chini, ingawa mimi huviweka pia kwenye picha yenyewe, maana wapo wanaotuma picha kwa wengine bila maelezo yake.

Kama ningelijua hili wakati wa kapsheni ya yule seremala, ningeandika: “Tanzia. Babu yetu aliyechonga vitanda vyetu vyote ametutoka.” Kicheko kilichokuwa katika picha kingesomeka kwa namna nyingine kabisa, na hakuna mtu ambaye angempa hongera.

Mpaka wa pili ni habari ya mtu mwingine. Binti wa Tanga alikuwa anasimulia upungufu wa mama yake mbele ya wateja, na tendo linalomgusa msomaji huenda ndilo linalomwaibisha mhusika. Kabla ya kuposti, mstari wa kwanza usomwe kwa mwenye habari. Chini ya mkato unaweza kumwomba msamaha kwa maelezo, lakini wengi hawatafika huko.

Kuupima mstari kabla na baada

Ukurasa wa kuandikia kapsheni haukuonyeshi mkato utaangukia wapi. Unakuonyesha maandishi yote. Kwa hiyo nimefungua akaunti ya faragha ya majaribio, yenye mfuasi mmoja tu, ambaye ni mimi mwenyewe kupitia akaunti yangu nyingine. Jina la akaunti hiyo ninalibadilisha kulingana na kazi, ili liwe na urefu sawa na jina la akaunti halisi. Ninaweka picha na kapsheni, kisha ninaitazama kupitia ile akaunti nyingine, katika simu mbili: moja yenye kioo kipana, nyingine ndogo ya zamani. Ikiwa simu ndogo inaikata hisia, ninarudi kuandika, kwa sababu wateja wengi wa watu ninaowaandikia wanatumia simu za namna hiyo. Usikose pia kukuza ukubwa wa herufi katika mipangilio ya simu na kutazama tena. Mtu aliyekuza herufi huona maneno machache zaidi.

Jaribio la pili linahitaji mtu asiyejua habari hiyo. Mpe simu ikiwa inaonyesha picha na mistari ile miwili tu, mhesabie hadi tano, ichukue, kisha umuulize swali moja: “Aliyeandika anajisikiaje?” Usimuulize kama ameipenda, maana atasema ndiyo kwa heshima. Akikujibu kwa habari, “mama yake amestaafu”, mstari bado ni taarifa. Akikujibu kwa neno la jumla, “ana huzuni”, unakaribia. Mstari wa cherehani nilimwonyesha dada mmoja anayeuza vitafunwa karibu na ninapokaa, alinyamaza, kisha akasema, “Hakutaka mama yake amwone.” Hakuna neno la kutotaka katika mstari ule, na hapo nilijua umefika.

Baada ya kuposti, takwimu za akaunti hazitakuambia ni wangapi waliobonyeza more, kwa hiyo soma majibu. Maoni ya saa ya kwanza yanafaa zaidi, kwa kuwa wanaokuja baadaye husoma maoni ya waliotangulia na kuyafuata. Yakijibu hisia uliyoikusudia, uache mstari ulivyo. Yakijibu hisia nyingine, kama zile hongera za seremala, usianze kumsahihisha kila mtu kwenye maoni. Fungua nukta tatu za juu ya picha, chagua Edit, na ubadilishe mstari wa kwanza palepale. Kapsheni inaweza kuhaririwa bila kuifuta picha wala kupoteza maoni yaliyokwisha kuandikwa.

Upande wa chini wa kapsheni ya Tanga tuliuandika kwa nusu saa tu. Ulianza na “Alikuwa akitunga bila kutazama, huku akimpima mtoto wa mtu kwa macho,” ukafuata mwaka alioinunua cherehani, kisha salamu kwa wateja, na mwisho bei za sare za muhula mpya. Nilihofu kwamba bei zingeonekana kama kuuza machozi, lakini zilikuwa mbali kiasi kwamba aliyefika huko alikuwa amekwenda kuzitafuta.

Kabla hatujaiposti katika akaunti halisi, binti aliifungua kapsheni ya majaribio katika simu ya mama yake ili aisome mwenyewe. Simu ya mama ina herufi zilizokuzwa kwa sababu ya macho yake, na kwake mkato uliangukia mara baada ya “Nitungie.” Miaka 27 haikuonekana kabisa. Mama aliusoma mstari huo taratibu, akamuuliza bintiye kwa nini aligeuza uso, na binti akamwonyesha mahali pa kubonyeza.